Shajara ya mradi: Masomo matano, wiki moja, macho ya manjano

Jumapili mchana, kupanga

Mradi wenyewe ni mdogo. Sisi ni wanafunzi wanne wa utabibu hapa Tanga, na wiki hii tuna vipindi vya anatomia, fiziolojia, patholojia, parasitolojia na famakolojia, vyote vikielekea kwenye mtihani mmoja wa vitendo. Kawaida yetu ni kulipa kila somo siku yake: Jumatatu anatomia tupu, Jumanne fiziolojia tupu, mpaka wiki iishe. Safari hii tunajaribu mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kupishanisha masomo ndani ya jioni moja. La pili ni mbinu inayotajwa kwa jina la Richard Feynman, yule mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1965: unamweleza jambo mtu asiyelisomea, kwa maneno ya kawaida, ukikwama unarudi kitabuni pale pale ulipokwama, kisha unaeleza upya. Hatua hizo zilipangwa na watu wengine wakampa yeye heshima ya jina, lakini hilo halizipunguzii kazi.

Tumebishana sana kuhusu kitu cha kupishanisha. Mwenzangu mmoja alitaka tuweke saa ya simu, kila dakika kumi tuhame somo, lolote liwe. Nilikataa. Ukitoka kwenye mifupa ya mguu ukaingia kwenye dozi za amoksilini, kisha ukaangukia mayai ya kichocho, hakuna chochote kati ya hivyo kinachoweza kuchanganyana kichwani, kwa hiyo hakuna cha kutofautisha. Utapata kuhamahama tu. Faida ya kupishanisha inaonekana zaidi pale vitu vinapofanana, kiasi kwamba swali gumu linakuwa "hiki ni kipi?" kabla hata ya "hiki kinatibiwaje?". Mwaka 2003 Hatala na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa udaktari waliofundishwa kusoma mkanda wa umeme wa moyo. Waliofanya mazoezi ya mikanda iliyochanganywa walitambua mikanda mipya vizuri zaidi kuliko waliofanya aina moja mpaka iishe ndipo waende nyingine. Mikanda ya moyo inafanana, na hapo ndipo kuchanganya kulipolipa.

Basi tukatafuta dalili moja inayopita kwenye masomo yote matano na yenye sura zinazofanana. Tumechagua manjano ya macho. Anatomia ina mirija ya nyongo, fiziolojia ina safari ya bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na damu iliyochakaa, patholojia ina ini lililoharibika, parasitolojia ina malaria inayopasua chembe nyekundu, na famakolojia ina dawa zinazoumiza ini pamoja na zile zinazopasua damu. Somo la maadili ya taaluma tumeliacha lisimame peke yake. Halina pa kushikana na haya, na kulilazimisha ni kulionea.

Jumatatu usiku

Leo hatukupishanisha kitu. Mtu ambaye hajui bilirubini inatoka wapi, ukimpa kadi kumi zilizochanganywa atabahatisha tu. Kwa hiyo jioni ya kwanza tuliitumia kuchora mstari mmoja kwenye karatasi kubwa, kila mtu akishika kipande chake.

Mstari unakwenda hivi. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120. Ikichakaa huvunjwa, hasa kwenye wengu, na ile sehemu ya hemoglobini yenye madini ya chuma hugeuzwa kuwa biliverdini, kisha bilirubini. Bilirubini hii ya mwanzo haiyeyuki kwenye maji. Inapelekwa kwenye ini, ini linaiunga na asidi ya glukuroni, na kuanzia hapo inayeyuka. Inamwagwa kwenye mirija ya nyongo na kufika utumbo mwembamba. Mbele zaidi bakteria wa utumbo wanaigeuza kuwa urobilinojeni, na mwisho stekobilini, ambayo ndiyo rangi ya kahawia ya choo. Sehemu ndogo ya urobilinojeni inanyonywa na kurudi kwenye damu, na kidogo chake hutoka na mkojo.

Mstari huu ukiharibika kabla ya ini, damu inavunjwa kwa wingi kuliko ini linavyomudu. Ukiharibika kwenye ini, seli zenyewe zinaumwa. Ukiharibika baada ya ini, njia imeziba. Sehemu tatu tu, na usiku huu kila mmoja wetu anazitaja bila kutazama. Hilo linatupa raha, na raha hiyo siiamini. Kornell na Bjork, kwenye utafiti wao wa mwaka 2008 wa kutambua michoro ya wasanii mbalimbali, walikuta kuwa wengi waliona wamejifunza vyema zaidi walipotazama kazi za msanii mmoja mfululizo, ilhali matokeo yao wenyewe yalikuwa mazuri zaidi kwa michoro iliyochanganywa. Hisia ya kuelewa na kuelewa kwenyewe havitembei pamoja.

Jumanne, kwa shangazi

Leo ilikuwa zamu yangu ya kueleza, na msikilizaji wangu ni shangazi yangu wa Ngamiani, anayekaanga vitumbua alfajiri na jioni. Sharti tulilojiwekea: hakuna neno la darasani ambalo msikilizaji hajalielewa, na msikilizaji ana ruhusa ya kukatisha wakati wowote. Kwa shangazi ruhusa hiyo haikuwa na haja ya kutolewa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja kula au kusoma?"

Nikamwambia vyote viwili, nikaanza. Damu ikichakaa inaacha uchafu wa rangi ya manjano. Uchafu huo una tabia ya mafuta, maji peke yake hayauondoi. Ini linaufanyia kama sabuni inavyofanyia mafuta ya mikononi mwake, ndipo unapoweza kutoka na maji. Nikaona nimeeleza vizuri kabisa. Yeye akageuza kitumbua, akasema:

"Ngoja. Kama maji hayaubebi, huo uchafu unafikaje kwenye ini? Si unapita kwenye damu? Na damu si maji?"

Hapo nikasimama. Jibu lipo kwenye daftari langu kwa mstari mmoja, "hubebwa na albamini", na mstari huo niliukariri tangu mwaka wa kwanza bila kuuliza kwa nini uwepo. Nikarudi kitabuni pale pale jikoni, nikamweleza upya. Ndani ya damu kuna protini inaitwa albamini, inapita huku imebeba vitu visivyoyeyuka kwenye maji. Bilirubini mbichi inakamatana nayo na kusafiri hivyo mpaka kwenye ini. Protini hiyo ni kubwa, chujio la figo lenye afya haliipitishi, na kwa kuwa mzigo umeng'ang'ania mbebaji, mzigo nao haupiti.

Akanyamaza kidogo. "Basi mtu ambaye damu yake inavunjika sana, macho yatakuwa manjano lakini ule uchafu hautatoka kwenye mkojo."

Sikuwa nimemwambia hivyo. Kalifikia mwenyewe, na ndiyo sentensi iliyobeba nusu ya mtihani wetu. Bilirubini ikionekana kwenye mkojo, maana yake ini limekwisha kuiunga, na tatizo liko kwenye ini au mbele yake. Macho yakiwa manjano huku mkojo hauna bilirubini, tazama kwenye damu kwanza.

Akaendelea kuuliza. Kwa nini wengine choo kinakuwa cheupe? Kwa sababu rangi ya choo inatoka kwenye nyongo, na njia ikiziba kabisa nyongo haifiki kwenye utumbo. Na hao wanaojikuna usiku kucha? Vitu vya nyongo vilivyokosa njia vinarudi kwenye damu, na kuwashwa kunaambatana na hali hiyo, ingawa nikamwambia kuwa chanzo chake kamili kina mjadala.

Mfano wa sabuni una kikomo, na tumeuandikia kikomo chake kwenye daftari la kundi. Sabuni inayazunguka mafuta tu, ini linaiunga bilirubini na kitu kingine kwa kimeng'enya, na kimeng'enya hicho kinaweza kuchelewa kukomaa, kama kwa mtoto mchanga. Mtu akibaki na sabuni peke yake hataweza kueleza kwa nini mtoto wa siku tatu ana manjano na hana ugonjwa wa ini. Ndiyo hatari ya mbinu hii: mfano ukipendeza sana, msikilizaji anaridhika, mwelezaji anaridhika, na kosa linabaki limejificha ndani ya mfano. Kwa hiyo kila mfano tunaotumia unaandikiwa chini yake mahali unapovunjika.

Jumatano, kadi

Tumetengeneza kadi za wagonjwa wa kubuni. Kanuni ya kwanza: kadi haina kichwa cha habari wala alama ya somo. Wenzetu wa darasa jirani wana kadi nzuri sana zenye rangi, nyekundu kwa damu, kijani kwa ini, na mtu anajibu kwa kutazama rangi. Zetu zote ni karatasi nyeupe. Mbele kuna maelezo ya mgonjwa na vipimo vichache. Nyuma kuna mambo matatu: tatizo liko sehemu gani ya mstari, sababu yake kwa sentensi mbili za Kiswahili ambazo shangazi angezielewa, na kipimo kimoja ambacho kingebadilishwa jibu lingebadilika. Hilo la tatu ndilo linalochosha, na ndilo linalotupa faida kubwa.

Kila jioni kadi zinachanganywa kama karata. Unachukua moja, unajibu kwa sauti kabla ya kugeuza, unapita. Tumekubaliana isizidi saa moja na nusu, kwa kuwa baada ya hapo watu wanaanza kukisia.

Alhamisi usiku, kadi tatu za dawa

Kadi zilizoleta kelele leo ni tatu, na tulizipanga makusudi ziwe ngumu kutofautisha. Zote zinaanza vilevile: mgonjwa anameza dawa, mkojo umebadilika rangi, amekuja na wasiwasi.

Wa kwanza yuko wiki ya pili ya dawa za kifua kikuu. Mkojo wake ni wa rangi ya chungwa inayokaribia wekundu, hata jasho linatia doa kwenye shati. Anakula vizuri. Weupe wa macho ni weupe.

Wa pili naye yuko kwenye dawa za kifua kikuu, wiki ya tano. Chakula hakipiti, anatapika, amechoka. Mkojo ni kama chai ya rangi, macho ni ya manjano, na kipimo cha ini kiitwacho ALT kimepanda zaidi ya mara kumi ya kikomo cha kawaida.

Wa tatu anatumia dapsoni, aliyopewa kwa sababu septrini ilimletea vipele. Siku chache tangu aanze, amepauka, anahema akipanda ngazi, macho yana manjano hafifu, na mkojo ni mweusi kama soda ya kola.

Ukisoma famakolojia peke yake, zote tatu unaziita "athari za dawa" na unaendelea. Ukizipishanisha unalazimika kuuliza: rangi iliyo kwenye mkojo huu ni rangi ya kitu gani?

Kwa wa kwanza ni rangi ya rifampisini yenyewe. Dawa hiyo na mabaki yake yanapaka rangi mkojo, jasho na machozi, na haina uhusiano na bilirubini. Anaelezwa, anatulizwa, anaendelea na dawa. Kumwachisha dawa hapa ni kumharibia tiba ya kifua kikuu bila sababu.

Kwa wa pili ni bilirubini iliyokwisha kuungwa, inayovuja kurudi kwenye damu kutoka kwenye ini lililojeruhiwa, na kwa kuwa inayeyuka kwenye maji, figo inaipitisha. Aisoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote tatu zinaweza kuumiza ini. Huyu haambiwi aende nyumbani. Mgonjwa mwenye dalili na ALT iliyozidi mara tatu, au asiye na dalili na ALT iliyozidi mara tano, dawa zinasimamishwa, na huyu amepita mbali. Zinarudishwa baadaye moja moja, chini ya uangalizi.

Kwa wa tatu ndipo tulipokaa muda mrefu. Kijiti cha mkojo kinasema hakuna bilirubini, lakini kinasema kuna damu. Ukitazama kwenye hadubini hakuna chembe nyekundu hata moja. Mwenzangu aliyekuwa akieleza alisema vizuri kabisa: mgonjwa ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, dapsoni imezishambulia chembe zake, zimepasuka ndani ya mishipa, na kijiti kimeona hemoglobini iliyomwagika, si chembe nzima. Manjano ya macho ni bilirubini mbichi, imeshikwa na albamini, ndiyo maana mkojo hauna.

Mwingine akamkatisha kwa swali la aina ya shangazi. "Umesema albamini haipiti kwenye figo kwa sababu ni kubwa. Hemoglobini ina ukubwa karibu sawa na albamini. Imepitaje?"

Kimya. Tukafungua vitabu. Hemoglobini ikimwagika kwenye damu inakamatwa kwanza na protini iitwayo haptoglobini, na mkusanyiko huo ni mkubwa, haupiti. Lakini haptoglobini ina kiasi chake. Ikimalizika, hemoglobini iliyobaki huru hugawanyika vipande viwili, na kila kipande, kikiwa nusu ya ukubwa wa mwanzo, kinaweza kupita kwenye chujio. Kwa hiyo mkojo mweusi unatueleza jambo la ziada: damu imevunjika ndani ya mishipa, na kwa wingi uliomaliza akiba. Ndiyo maana damu inayovunjwa polepole kwenye wengu inaweza kuleta manjano bila mkojo kuwa mweusi, na ndiyo maana malaria kali ikifikia hatua ya mkojo mweusi watu wazima kazini wanaacha kutembea na kuanza kukimbia, kwani figo nazo ziko hatarini.

Swali hilo lisingetokea kama kadi ya tatu ingekuwa kwenye bunda la damu peke yake. Lilitokea kwa sababu dakika tano kabla tulikuwa kwenye bilirubini na albamini.

Ijumaa

Jioni fupi. Anatomia: tulichora mirija ya nyongo bila kutazama, kutoka kwenye ini mpaka kwenye duodeni, tukitia alama mahali jiwe linapokwama na mahali kichwa cha kongosho kinapokumbatia mrija mkuu. Kilichofaa kuandikwa ni kimoja. Kadi mbili za damu isiyoganda zilitoka zikifuatana: mmoja njia imeziba, mwingine ini limekwisha. Wote INR, kipimo cha damu kuchelewa kuganda, imepanda. Ini hutengeneza visaidizi vya kugandisha damu kwa kutumia vitamini K, na vitamini K hunyonywa pamoja na mafuta, ambayo yanahitaji nyongo. Mchome wote wawili vitamini K, pima tena baada ya siku moja: aliyezibwa INR inashuka kwa kuwa ini lake lilikosa malighafi tu, yule wa ini bovu haishuki vya maana. Hilo liko kwenye somo la famakolojia, patholojia na fiziolojia, na kila mwalimu kalifundisha theluthi yake.

Jumamosi, mtihani wetu wenyewe

Tulikaa Raskazone, kivulini, upepo ukitusumbua na karatasi. Wagonjwa wote walikuwa wapya, hakuna aliyewahi kuwaona, kwa sababu tulimwomba tabibu mmoja aliyetutangulia chuoni atuandikie. Kaandika kwa uchokozi. Hii ndiyo iliyotugawa:

Kijana wa miaka 19 mwenye selimundu. Macho yake siku zote yana umanjano kidogo. Sasa yamezidi sana kwa siku nne, ana maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi, anajikuna. Bilirubini yote ni 190 mikromoli kwa lita, na kati ya hiyo 140 ni iliyoungwa. ALP, kipimo kingine cha ini, imepanda mara nne, ALT mara mbili tu. Kijiti cha mkojo kina bilirubini nyingi, urobilinojeni hakuna. Hana homa.

Neno selimundu linavuta. Wawili kati yetu waliandika mara moja kuwa damu inavunjika. Wawili wengine walikwenda kwenye mstari. Kama ni damu tu, iliyozidi ingekuwa bilirubini mbichi. Hapa sehemu kubwa imeungwa. Ini limefanya kazi yake ya kuunga. Urobilinojeni haipo, maana yake bilirubini haifiki kwenye utumbo. ALP imepanda kuliko ALT, na hiyo ni sura ya njia kuziba kuliko ya seli za ini kufa. Kwa hiyo sehemu ya tatu: kuziba.

Na kwa nini kijana wa selimundu azibwe? Kwa sababu miaka yote damu imekuwa ikivunjika, nyongo imejaa bilirubini, na mawe ya rangi yamejengeka kwenye mfuko wa nyongo. Moja limeshuka. Ugonjwa wa kabla ya ini umezaa ugonjwa wa baada ya ini ndani ya mtu yule yule. Kadi zetu za wiki nzima zilikuwa na jibu moja kila moja, na huyu ana mawili, moja la zamani na moja la wiki hii.

Aliyetuandikia aliongeza maswali mawili kwa mdomo. Kipimo gani kinakutoa kwenye kubahatisha? Altrasaundi, kutazama kama mrija mkuu umetanuka, kwa sababu selimundu inaweza pia kulifunga ini kutoka ndani, chembe zilizojikunja zikijazana kwenye vijishipa vyake, na vipimo vya damu vikawa karibu sawa na hivi. Mrija uliotanuka unaelekeza kwenye jiwe, usiotanuka unarudisha shaka kwenye ini. Na ukiona nini unaacha kusubiri? Homa na kutetemeka juu ya maumivu na manjano: mirija imeingiliwa na bakteria, na huyo ni wa antibiotiki na kufunguliwa njia, hakuna kungoja kliniki ya Jumatatu.

Makosa tuliyagawa mafungu mawili. Fungu la kutojua, kama mtu aliyesahau kimeng'enya, na fungu la kutotofautisha, kama hao wawili wa selimundu. La kwanza linatibiwa kwa kurudi kitabuni. La pili halitibiwi kwa kitabu, kwa sababu hao wawili waliulizwa papo hapo dalili za njia kuziba wakazitaja zote. Walikuwa nazo, hawakuziita. Kadi za fungu la pili ndizo zinazorudi kwenye bunda wiki ijayo, na zinarudi na mapacha wao, kila moja na ile iliyochanganywa nayo.

Jumanne iliyofuata

Tumerudia kadi kwa ghafla, bila mtu kupitia daftari. Kadi tatu za dawa zimepita bila kusita, kwa wote wanne, na maelezo ya haptoglobini yametoka kwa mtu ambaye Alhamisi hakuijua. Kilichovuja ni majina na namba: kikomo cha ALT mmoja alikisema kinyume, na mpangilio wa mirija ya nyongo ulipinda kwa wawili. Kwa hiyo mpishano haukutusaidia sana kwenye mambo ya kukariri tupu. Hayo tunayatoa kwenye bunda la wagonjwa na kuyawekea kadi ndogo za swali na jibu, za kurudia asubuhi kwa dakika chache, leo, keshokutwa, halafu wiki ijayo.

Mwenzangu mmoja bado anasema anapenda somo moja kwa siku moja, kwamba kichwa kinatulia. Hajakosea kwa upande wake: Jumatatu ile ya mstari ilikuwa hivyo hivyo, na bila yake kadi zingekuwa kelele. Tunachobishania ni lini uache kutulia.

Wiki ijayo dalili ni miguu kuvimba. Moyo, figo, ini na matende, ambayo kwa pwani yetu hii huwezi kuyaacha nje. Bunda litaanza na wagonjwa wanne wenye sentensi moja ya kufanana, "viatu havinienei tena", na swali la kwanza la kila kadi litakuwa: ukibonyeza, kidole kinaacha shimo au hakiachi, na kwa nini? Shangazi ameshaambiwa. Kaniuliza kabla sijaondoka kwa nini matende mara nyingi yanavimbisha mguu mmoja na moyo unavimbisha yote miwili. Nimemwambia nitamjibu Jumanne.